Vali inayomwaga maji kila Jumatatu

Jumatatu asubuhi fundi anafungua chumba cha mashine chini ya jengo na kukuta sakafu imelowa chini ya vali ya usalama. Chila, yaani mashine inayopooza maji ya viyoyozi vya jengo, ilizimwa Ijumaa jioni. Anabadilisha vali, na Jumatatu inayofuata pamelowa tena. Chuoni kwetu Mtwara tumeulizwa jambo hili mara nyingi, na mara nyingi vali haina kosa.

Tuchukue jengo la ghorofa 12 pale Shangani, lenye lita 4,000 za maji ya kupoozea ndani ya mabomba. Chila ikifanya kazi maji yana nyuzi 6. Ikizimwa, kwa joto letu la pwani yanaweza kufika 35, na hapo yanatanuka kwa asilimia 0.6 hivi, yaani lita 24. Mzunguko umefungwa, kwa hiyo lita hizo ziingie kwenye tangi la kutanukia, ambalo ndani lina utando wa mpira, maji upande mmoja na hewa upande wa pili.

Je, tangi la lita 24 linatosha? Hapana, kwa sababu hewa lazima ipate nafasi ya kubanwa. Kutoka kwenye tangi hadi bomba la juu kabisa ni mita 40, sawa na baa 3.9. Ongeza 0.5 ili juu pasivute hewa, unapata 4.4 maji yakiwa baridi. Vali inafunguka kwa baa 6, basi tuishie 5.4. Kila presha ijumlishiwe 1 ya hewa ya nje, 5.4 iwe 6.4 na 4.4 iwe 5.4: 6.4 toa 5.4, gawa kwa 6.4, inakuja 0.156. Lita 24 gawa kwa 0.156 ni 154. Dukani utachukua la lita 200.

Tangi hilohilo ukiliweka juu ya paa, hesabu inakuwa kati ya baa 0.5 na 1.5, na lita 60 zinatosha. Mimi ningelipandisha juu, kama kuna njia ya fundi kulifikia.

Sasa turudi kwenye sakafu. Tangi liliwekwa chini na hewa ya kiwandani, baa 1.5, bila mtu kuigusa. Maji ya 4.4 yakalijaza zaidi ya nusu hata kabla ya joto. Mpaka vali inafunguka, lita 200 hizo zimepokea lita 21 tu. Tatu zilizobaki ndizo unazozipiga deki. Chila ikiwaka, maji yanasinyaa na pampu ya kulinda presha inaongeza maji mapya, yenye oksijeni ya kulisha kutu.

Kupima, funga koki ya tangi, mwaga maji yake yote, kisha weka geji ya matairi kwenye mdomo wa kujazia hewa wa tangi. Usipoyamwaga, geji itakusomea presha ya mabomba na utaondoka ukiamini tangi ni zima. Jaza hewa hadi 4.4 kabla ya kufungua koki.