Tahadhari ya dharura si SMS

"Tahadhari inayolia kwenye simu ni SMS tu, kwa hiyo wana namba yangu na wanajua nilipo."

Hapana, ingawa ni rahisi kudhani hivyo, kwa kuwa zote ni maandishi kwenye kioo. SMS hutumwa kwa namba moja moja. Tuseme bonde linalokaribia kufurika lina simu 60,000 na mtambo unatuma SMS 100 kwa sekunde: wa mwisho atapata yake baada ya dakika 10, na mgeni asiye kwenye orodha hapati kabisa.

Tahadhari hutangazwa na mnara kama redio. Ujumbe mmoja hufikia kwa pamoja simu zote zinazoupokea, bila mnara kujua ni za nani. Hurudiwa kila baada ya muda mfupi, hivyo anayeingia eneo hilo baadaye naye huupata. Simu iliyokwisha kuupokea huutambua kwa namba ya utambulisho ya ujumbe wenyewe, na hailii tena.

Ukiipata, angalia: haina namba ya mtumaji, wala kwa kawaida haimo kati ya SMS zako. Simu iliyozimwa, au iliyo kwenye hali ya ndege, haiipati.