Namba ya chini kabisa si deni lako: dhana potofu kuhusu jedwali la kodi ya nyumba

Wiki hii tena mpangaji ameniletea jedwali la kodi kutoka kwa ajenti wa nyumba hapa Nairobi, akaweka kidole kwenye salio la mwisho, shilingi 29,000, na swali lake likawa moja tu: je, ajenti atakubali alipe kidogo kidogo? Mistari mingine yote ya jedwali lile hakuwa ameisoma. Kazi yangu ni kukagua hesabu za nyumba za kupanga, kwa wapangaji na kwa wenye nyumba, na dhana hizi nazisikia kila mwezi. Naanza na ile inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi.

Dhana: "Imetoka kwenye kompyuta, kwa hiyo hesabu ni sahihi"

Majedwali mengi ninayoletewa ni faili ya Excel iliyotengenezwa mara moja na kunakiliwa kwa kila mpangaji. Kompyuta inajumlisha ilichoambiwa ijumlishe. Ikiambiwa iruke mstari, itauruka, na salio litakalotokea litaonekana safi kama kawaida.

Ukweli ni kwamba salio la kila mstari limejengwa juu ya salio la mstari uliotangulia. Kosa moja la Januari linabebwa hadi Juni bila kuonekana tena popote. Mtu anayekagua mwezi wa mwisho peke yake ataona kodi 18,000, malipo 18,000, kila kitu sawa, na bado atakuwa anadaiwa pesa asizokopa.

Chukua jedwali hili la 29,000. Mpangaji aliingia Januari. Kodi ni 18,000 kwa mwezi, mwisho wa kulipa ni tarehe 5, na mkataba unasema kodi ya mwezi isiyokamilika kufikia tarehe hiyo inatozwa faini ya 1,000, mara moja. Kabla ya kusoma mstari hata mmoja nilijumlisha safu mbili. Safu ya madai: kodi ya miezi sita 108,000, dipoziti 18,000, faini tano 5,000. Jumla 131,000. Safu ya malipo: 108,000. Toa, unapata 23,000. Jedwali lenyewe linasema 29,000. Yaani jedwali halikubaliani na namba zake lenyewe, na kulijua hilo hakukuhitaji risiti wala simu kwa ajenti. Fanya jaribio hili kwanza, siku zote. Salio la kuanzia, jumlisha madai yote, toa malipo yote: jibu lazima liwe salio la mwisho. Lisipokuwa hivyo, kuna salio lililoharibika katikati.

Tofauti yenyewe inakuonyesha pa kutazama. Hapa ni 6,000, kwa hiyo nilitafuta 6,000 kwenye safu ya malipo. Ilikuwepo, Aprili:

| Tarehe | Maelezo | Madai | Malipo | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 1 Apr | Kodi | 18,000 | | 38,000 |
| 6 Apr | Faini | 1,000 | | 39,000 |
| 9 Apr | M-Pesa | | 12,000 | 27,000 |
| 22 Apr | M-Pesa | | 6,000 | 21,000 |
| 1 Mei | Kodi | 18,000 | | 45,000 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Ukiwa na 21,000 na kuongeza 18,000 unapata 39,000, lakini jedwali limeandika 45,000. Limejumlisha kutoka 27,000, kana kwamba malipo ya tarehe 22 hayakuwepo.

Hili hutokea hivi. Malipo ya tarehe 22 yalisahaulika, yakaja kuingizwa baadaye kwa kuchomeka mstari mpya katikati. Excel ikisukuma mstari wa Mei chini, fomula yake inaendelea kuelekeza kwenye salio lile lile la zamani. Ilikuwa inasoma mstari wa 13, na sasa kwa kuwa mstari mpya ni wa 14, wa Mei unabaki hivi:

```
=E13+C15-D15
```

Ilipaswa kuwa `E14`. Malipo yanaonekana kwenye karatasi, mpangaji anayaona na kuridhika kwamba yameandikwa, ila hayajawahi kupunguza deni. Ndiyo maana nasisitiza: malipo yako kuandikwa ni jambo moja, na kuhesabiwa ni jambo jingine. Ukiwa na faili yenyewe, bonyeza kila seli ya salio uone inasoma mstari upi. Ukiwa na karatasi, shika kikokotoo na ushuke mstari kwa mstari.

Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 12,600 iliyoandikwa 16,200. Na nusu ya tofauti ikilingana na malipo fulani, huenda malipo hayo yaliwekwa upande wa madai.

Na jedwali likianza na "salio lililoletwa mbele" bila maelezo, usilikubali. Omba jedwali la tangu siku ya kuingia. Wapangaji wengi huona aibu kuliomba. Sielewi kwa nini, kwa sababu anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha deni limetoka wapi.

Dhana: "Dipoziti ni pesa ya kodi tu, haijalishi imeandikwa wapi"

Inajalisha sana, na jedwali hili ni mfano. Siku ya kuingia mpangaji alilipa 36,000: kodi ya Januari na dipoziti. Ajenti akaandika dipoziti kama dai la 18,000 ndani ya jedwali la kodi, halafu risiti yake akaiingiza kwenye daftari la dipoziti. Dai liko hapa, malipo yako kule. Mtu aliyelipa kila senti akaanza Februari akiwa na deni la 18,000.

Jumla za safu haziwezi kukuonyesha kosa hili, maana hesabu inafunga vizuri. Linaonekana pale tu unapouliza, kwa kila dai, malipo yake yako wapi. Dipoziti inatakiwa iwe na ukurasa wake: iliyoingia, iliyokatwa, iliyorudishwa. Ikitajwa kwenye jedwali la kodi, basi pande zote mbili zitajwe. Kagua hivyo hivyo kodi inapopanda, kwa sababu nyongeza ya dipoziti hupenyezwa ikiitwa malimbikizo.

Kuna sababu nyingine ya kutenganisha. Haki ya mwenye nyumba ya kutuma dalali kukamata mali, chini ya Sura ya 293 ya sheria za Kenya, ni kwa ajili ya kodi iliyolimbikizwa. Salio moja lililochanganya kodi, dipoziti, faini na maji halimwambii mtu yeyote kodi inayodaiwa ni kiasi gani. Wenye nyumba nawaambia hili pia: jedwali la mchanganyiko linawaumiza wao wenyewe siku wanapofika mahakamani.

Na hapana, dipoziti haigeuki kuwa kodi ya mwezi wa mwisho kwa sababu umeamua hivyo. Soma mkataba.

Dhana: "Ukiwa na salio, faini inaingia yenyewe"

Faini inatoka kwenye mkataba. Kama haimo humo, ajenti hana pa kuitolea, hata kama jedwali lina safu yake maridadi. Ikiwemo, soma maneno: ni kiasi maalumu au asilimia, ni mara moja au kila mwezi, na inahesabiwa juu ya nini.

Mkataba wa mpangaji huyu uliweka faini kwenye kodi ya mwezi iliyochelewa. Tarehe za M-Pesa zilionyesha Februari alilipa tarehe 3, Machi tarehe 4, Mei tarehe 4, Juni tarehe 3. Bado alitozwa miezi yote hiyo, kwa kuwa faili ilikuwa inauliza swali tofauti: je, tarehe 5 kuna salio lolote? Salio lilikuwepo, lile la dipoziti lisilo halali, na kila faini ikaliongeza. Faini moja tu ilisimama, ya Aprili, kwa sababu 12,000 zililipwa tarehe 9 na 6,000 tarehe 22.

Angalia pia ajenti anavyogawa malipo. Baadhi hupeleka pesa yako kwanza kwenye faini za zamani, kisha wanasema kodi ya mwezi huu imepungua, na hapo faini mpya inazaliwa. Unapolipa, andika ujumbe siku hiyo hiyo: "Hii ni kodi ya Mei." Mimi huwaambia wateja wangu pia walipe kodi peke yake na maji peke yake, hata kama ada ya kutuma inaongezeka.

Sasa hesabu ya mwisho. Kutoka 29,000 toa 6,000 zilizorukwa, toa dipoziti 18,000, toa faini nne zisizo na msingi, 4,000. Zinabaki 1,000. Mtu aliyekuja kuomba alipe kidogo kidogo alikuwa anadaiwa faini moja.

Dhana: "Kiasi kinalingana, basi malipo yangu yameingia"

Malipo ya 18,000 yanafanana yote. Linganisha msimbo wa muamala, zile herufi na namba kumi zinazoanza ujumbe wa M-Pesa. Piga `*334#` uombe taarifa ya akaunti yako, kisha weka alama kila msimbo unaouona kwenye jedwali. Usioonekana umepotea, na mara nyingi umepotelea kwa jirani: umeandika nyumba A21 badala ya A12, na yeye sasa ana salio la ziada. Mpe ajenti msimbo, tarehe na namba uliyoiandika kimakosa, auhamishe. Kumwambia "nililipa, uliza msimamizi wa jengo" hakusaidii mtu.

Dhana: "Chochote ambacho hakijalipwa leo ni malimbikizo"

Kodi huandikwa tarehe 1. Jedwali likichapishwa tarehe 2 litaonyesha 18,000 ambazo muda wake wa kulipa haujafika. Hayo si malimbikizo mpaka tarehe 5 ipite. Tazama tarehe ya kuchapishwa kabla ya kuogopa.

Ukishapata makosa, usiandike barua ya malalamiko ya jumla. Andika mistari mitatu au minne: tarehe ya mstari, kilichoandikwa, kinachopaswa kuwa, na ushahidi wake. Ambatisha taarifa ya M-Pesa na ukurasa wa mkataba wenye kipengele cha faini, kisha omba jedwali jipya lililosahihishwa tangu Januari. Ajenti akikujibu kwa kuweka mstari mmoja chini ulioandikwa "marekebisho 28,000", mrudishie. Salio litakuwa sahihi, lakini fomula ya Mei bado inaruka mstari, na faini itaendelea kuuliza swali lile lile Julai.