Je, wajua? Mkojo wa siku moja unaweza kukadiria kilo za misuli

"Kreatinini si kipimo cha figo? Sasa inakuwaje watafiti wanakusanya mkojo wa mgonjwa siku nzima, wanapima kreatinini, halafu wanasema ana misuli kilo kadhaa?"

Kreatinini hutengenezwa na misuli. Kazi ya figo ni kuitoa nje. Ukikusanya yote inayotoka kwa saa 24, umepata kiasi ambacho misuli ilitengeneza siku hiyo, na misuli mingi hutengeneza zaidi ya misuli michache.

Kwa miaka mingi mimi nilielewa kinyume. Niliamini kwamba figo zikichoka, kreatinini kwenye mkojo hupungua, kwa hiyo mtu mwenye kreatinini kidogo kwenye mkojo wa siku nzima ni mgonjwa wa figo. Inaonekana kuwa hoja nzuri: figo hazitoi, basi uchafu unabaki kwenye damu. Nusu ya mwisho ni kweli. Nusu ya kwanza ndiyo iliyonipoteza, na nimeikuta kwa watu wengi wanaosoma majibu ya maabara.

Fikiria simtanki juu ya mnara wake. Bomba linaingiza maji taratibu, kwa kasi ileile mchana na usiku, na chini kuna tundu dogo linaloyatoa. Maji yatapanda mpaka uzito wake uweze kusukuma nje kiasi kilekile kinachoingia. Hapo kina kitatulia. Sasa ziba nusu ya tundu. Mwanzoni yatakayotoka yatapungua, lakini bomba halijui kilichotokea chini, linaendelea kuingiza. Kina kinapanda, na kadiri kinavyopanda, msukumo unaongezeka, mpaka kwenye tundu lile jembamba yanatoka maji mengi kama zamani. Simtanki limejaa zaidi, lakini ndoo iliyo chini inajaa kwa kasi ileile.

Bomba ni misuli, tundu ni figo, kina cha maji ni kreatinini ya damu, na ndoo ni mkojo wa siku nzima. Ndiyo maana daktari wa figo huangalia damu: figo zikibaki na nusu ya nguvu zake, kreatinini ya damu hupanda hadi karibu maradufu. Lakini baada ya siku chache za kutulia, kwenye mkojo wa saa 24 inatoka ileile. Ukitaka kujua habari za tundu, pima kina. Ukitaka kujua habari za bomba, pima ndoo.

Mfano huu una mwisho wake. Figo zikiharibika sana, kreatinini inayojazana mwilini huanza kupotelea kwenye utumbo, ambako bakteria huivunja, kama simtanki lililopata ufa ubavuni. Hapo ndoo haisemi tena ukweli kuhusu bomba, na watafiti huwaacha nje wagonjwa wa namna hiyo. Vilevile mfano haufai kwa mtu ambaye figo zake zimeanza kufeli jana, kwa sababu kina bado hakijatulia.

Kwa nini bomba liwe na kasi isiyobadilika? Misuli huhifadhi kreatini, sehemu yake ikiwa imeshikana na fosfeti, ili kurudisha haraka nishati inayotumika misuli inapojikaza. Mwanamume wa kilo 70 ana takriban gramu 120 za kreatini, na zaidi ya asilimia 90 yake imo kwenye misuli. Kila siku asilimia 1.7 hivi ya akiba hiyo hujikunja yenyewe na kuwa kreatinini, bila kimeng'enya na bila mwili kuamua, na haiwezi kurudi ilikotoka. Ni kama mtungi wa udongo unaopoteza maji kwa kutoa jasho: hakuna aliyeufungua, na mtungi mkubwa hutoa jasho jingi zaidi. Piga hesabu: asilimia 1.7 ya gramu 120 ni kama gramu 2 za kreatini, ambazo zikipoteza chembe ya maji huwa kreatinini gramu 1.7 na kidogo. Kiasi hicho ndicho kinachokutwa kwenye mkojo wa mwanamume kijana mwenye mwili wa kutosha.

Mwanakemia Otto Folin aliliona hili mwaka 1905, kabla ya watu kujua kreatini ina kazi gani. Aliwalisha watu chakula chenye protini nyingi, kisha chakula cha wanga na malai chenye protini kidogo mno. Yurea, uchafu unaotokana na protini, iliporomoka kwenye mkojo. Kreatinini haikutikisika, mradi chakula hakikuwa na nyama.

Ili kujua kama misuli ya mtu inatosha, watafiti hulinganisha kreatinini yake na kimo chake. Kimo kinaingiaje? Hapa twende Guatemala, kwenye Taasisi ya Lishe ya Amerika ya Kati na Panama, ambako Fernando Viteri na Jorge Alvarado waliwatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba. Mizani inapima maji pamoja na nyama ya mwili, hivyo uzito wake hudanganya kwa namna ya kuhuzunisha: anapoanza kupona, uvimbe unatoka na kilo zinashuka. Kimo hakivimbi, wala hakibadiliki sana kwa wiki chache za ugonjwa. Mwaka 1970 walichapisha fahirisi ya kreatinini kwa kimo: chukua kreatinini aliyotoa mtoto kwa saa 24, igawanye kwa ile inayotarajiwa kwa mtoto mwenye afya wa kimo hichohicho. Misuli inavyorudi, jibu linapanda kuelekea 1. Kuna jambo moja lisilosahaulika: mtoto aliyedumaa analinganishwa na watoto wafupi kama yeye, ambao mara nyingi ni wadogo kwa umri, kwa hiyo fahirisi inaweza kuwa nzuri ilhali kudumaa kupo palepale.

Baadaye kipimo kilihamia kwa watu wazima waliolazwa. Tuchukue mfano wa kubuni: mwanamume wa sentimita 170, miguu imevimba, mizani inasema kilo 61. Kwa kimo chake hizo ni kilo za kawaida kabisa. Anaambiwa aamke saa 1 asubuhi, akojoe na kuumwaga mkojo huo, kwa sababu ulitengenezwa usiku uliopita. Kuanzia hapo kila mkojo unaingia kwenye dumu, mpaka saa 1 ya kesho yake, na ule wa mwisho unaingia pia. Dumu lina lita 1.4, yaani desilita 14. Maabara inakuta miligramu 65 kwa kila desilita. Kwa hiyo ametoa miligramu 910.

Inayotarajiwa hukadiriwa kwa miligramu 23 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa mwanamume, na 18 kwa mwanamke. Tukichukua kilo 64 kuwa uzito unaokifaa kimo chake, tunatarajia 1,472. Gawanya 910 kwa 1,472: asilimia 62. Kwa desturi, kati ya 60 na 80 huitwa upungufu wa wastani wa misuli, na chini ya 60 upungufu mkali. Mizani haikuona kitu kwa sababu maji yalijaza nafasi ya misuli iliyoondoka.

Je, angekunywa maji mengi? Swali hili huulizwa kila mara. Dumu lingekuwa na lita 2.8, na maabara ingekuta miligramu 32.5 kwa desilita. Zidisha: 910 ileile. Maji hubadilisha ukolezi, jumla inabaki. Ndiyo sababu kopo moja la mkojo wa mchana haliwezi kuchukua nafasi ya siku nzima kwenye hesabu hii.

Kinachoharibu jibu ni mkojo uliopotea. Bwana huyu akienda haja kubwa, akasahau dumu, na mililita 300 zikaingia chooni, tutabaki na lita 1.1 na miligramu 715. Fahirisi inashuka hadi asilimia 49, na mtu aliyekuwa na upungufu wa wastani anaandikiwa upungufu mkali kwa safari moja ya choo. Asipoumwaga ule mkojo wa kwanza, jibu linakosea kwenda juu. Hata kuchelewa robo saa kufunga dumu kunaongeza kama asilimia 1.

Utajuaje kwamba dumu limekamilika? Wengi hujibu kwa kuangalia kama kreatinini inalingana na ukubwa wa mtu. Njia hiyo inafaa unapopima kitu kingine, sodiamu kwa mfano. Unapopima misuli haifai hata kidogo, kwa kuwa kreatinini ndogo inaweza kuwa na maana ya mkojo uliomwagika au ya misuli iliyoisha, na namba yenyewe haisemi ni ipi. Suluhisho ni kukusanya siku 3 mfululizo: misuli haiyeyuki na kurudi kati ya Jumatatu na Jumatano, hivyo siku moja ikitofautiana sana na nyingine, shaka iende kwenye dumu. Njia nyingine ni vidonge vitatu vya miligramu 80 vya PABA, kemikali inayotumika kama alama, vinavyomezwa mchana kwa nyakati tofauti. Karibu yote hutoka kwenye mkojo, hivyo ikipatikana chini ya asilimia 85, kuna mkojo uliopotea.

Siku hizo mgonjwa asile nyama wala samaki. Kupika hugeuza sehemu ya kreatini ya nyama kuwa kreatinini, na mishkaki ya jana usiku huonekana dumuni kama misuli ambayo hana. Homa nayo huharakisha kugeuka kwa kreatini, kama mtungi siku ya joto kali, na jeraha kubwa hupandisha kreatinini vilevile. Mgonjwa mahututi anaweza kuonekana ana misuli wakati inayeyuka mbele yetu.

Kuhusu zile kilo, ningekuwa mwangalifu. Kanuni husema gramu moja ya kreatinini kwa siku inawakilisha kilo 17 hadi 20 za misuli. Kwa mgonjwa wetu hiyo ni kati ya kilo 15.5 na 18.2, tofauti ya karibu kilo 3 inayotokana na chaguo la kizidishi peke yake. Vizidishi hivyo vilitokana na watu wachache. Viwango vinavyotarajiwa navyo ni vya vijana wenye afya, kwa hiyo bibi wa miaka 80 atapata fahirisi ya chini hata kama hajaugua. Namwamini zaidi mtafiti anayempima mtu yuleyule mwezi huu na mwezi ujao, kwa utaratibu uleule, kuliko anayetangaza kilo kwa desimali.

Siku hizi kuna njia inayolikwepa dumu. Mtu humeza kama miligramu 30 za kreatini iliyowekewa alama ya dutiriamu, yaani haidrojeni nzito, nayo huchanganyika na kreatini ya misuli. Baada ya siku chache anatoa mkojo mmoja wa asubuhi kabla ya kula, na maabara inaangalia ni sehemu gani ya kreatinini ina alama. Akiba kubwa huifanya alama kuwa hafifu, akiba ndogo huiacha ikiwa kali. Uwiano huo hautegemei ujazo wa mkojo, na hata mililita 300 zikiingia chooni, jibu halibadiliki.