Kwa nini protrakta ina safu mbili za namba?

"Mstari umepita kwenye 70, na hapo hapo pameandikwa 110. Mtoto ajuaje asome ipi?"

Asome ile safu inayoanza na sifuri juu ya mkono wa pembe aliolaza protrakta. Mkono huo ukielekea kulia, atafute sifuri ya kulia. Ukielekea kushoto, sifuri ya kushoto. Kisha aifuate safu hiyo hiyo, kumi, ishirini, thelathini, asirukie nyingine, mpaka afike mkono wa pili ulipokatiza.

Safu ziko mbili kwa sababu pembe nyingine hufunguka kulia na nyingine kushoto. Ingekuwa moja tu, kila pembe iliyoelekea upande wa pili ingebidi ugeuze karatasi kwanza. Kwa hiyo moja inahesabu kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, na popote utakapoweka kidole namba mbili zinazokutana hapo zinatimiza 180: 70 na 110, 40 na 140. Zinalingana mahali pamoja tu, kwenye 90.

Jumamosi moja hapa Kisauni, binti wa jirani alikuja barazani na karatasi yake ya mazoezi. Pembe ya tatu ilikuwa na mkono mmoja umelala kuelekea kushoto, na mwingine ukipanda huko huko kushoto. Protrakta aliiweka vizuri kabisa, kitovu juu ya kipeo. Akaandika 115.

"Hii pembe ni kali au butu?" nikamuuliza.

Akaitazama. "Kali, mjomba."

"Na 115 ni kali?"

Hakujibu. Alichukua kifutio, akaweka kidole kwenye sifuri ya kushoto na kuhesabu upya mpaka 65. Kosa halikuwa la uzembe. Darasani aliambiwa asome "namba za ndani", na za ndani kwenye protrakta yake zinaanzia kulia. Sheria hiyo siipendi hata kidogo. Inafaa pale tu mkono unapoelekea upande mmoja, na protrakta zenyewe hazifanani: nyingine safu ya ndani huanzia kushoto. Sifuri haimdanganyi mtoto.

Kuhesabu kutoka sifuri kunazuia pia kosa dogo ambalo watu hawalioni. Mstari ukiwa vistari vitatu baada ya 60, jibu ni 63. Anayeingia kutokea upande wa 70 huweza kuhesabu vistari saba na kuandika 67.

Majina yenyewe ya Kiswahili yanasaidia. Pembe kali, chini ya digrii 90, ina ncha iliyochongoka kama ya kisu. Pembe butu, kati ya 90 na 180, imefunguka kuliko kona ya daftari. Mtoto aandike "kali" au "butu" kando ya kila pembe kabla hajagusa protrakta. Baadaye namba ikikataa neno, amesoma safu isiyo yake. Lakini 86 na 94 kwa macho hufanana sana. Hapo chukua karatasi yoyote yenye kona nzima, weka kona kwenye kipeo na ukingo mmoja sambamba na mkono wa chini, ukiielekeza karatasi upande pembe inakofungukia. Mkono wa pili ukifunikwa na karatasi, pembe ni kali. Ukibaki nje, wazi, ni butu.

Kuchora ni njia hiyo hiyo. Ukitakiwa 130, chora mstari, tia alama kwenye kipeo, laza protrakta, anza kwenye sifuri iliyo juu ya mstari na uhesabu mpaka 130. Tia nukta hapo, kisha unganisha na rula. Ikitokea pembe iliyochongoka, umetia nukta kwenye 130 ya safu nyingine, na ulichochora ni 50.

Liko kosa moja ambalo kali na butu haziwezi kulifichua. Protrakta nyingi za plastiki mstari wake wa sifuri hauko ukingoni, uko juu kidogo, na watoto hulaza ukingo wa plastiki juu ya mkono wa pembe. Chukua protrakta ambayo kutoka kitovu hadi kwenye namba ni sentimita 5, na ukingo uko nusu sentimita chini ya sifuri: pembe ya 45 itasomeka karibu 41. Pembe ya 90 itasomeka 90 sawasawa, kwa hiyo ukijaribu kwa kona ya daftari utadhani umeiweka vizuri. Jaribu kwa pembe ya 45: kunja kona ya karatasi mara moja, ukingo ulale juu ya ukingo, kisha pima kona uliyoikunja.