Mzigo wa Zambia haujasamehewa kodi: maana ya haki ya kupita kuelekea baharini

Tangu ukaguzi wa mizigo ya transiti, yaani inayopita tu nchini kuelekea nchi nyingine, uongezwe kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, malalamiko yanatufikia kutoka pande mbili. Wananchi wa hapa wanauliza kwa nini kontena la Mzambia lipite bila ushuru wakati wao wanalipa. Wenye mizigo wa Zambia nao wanauliza kwa nini makontena yao yafungwe lakiri, yaani muhuri wa forodha, na wao wadaiwe dhamana ilhali sheria ya kimataifa inawapa haki ya kufika baharini. Pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli.

Haki yenyewe imo katika Sehemu ya Kumi ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Ibara ya 125 inasema nchi isiyo na pwani ina haki ya kufika baharini na kurudi, na kwa ajili hiyo ina uhuru wa kupitisha watu na mizigo katika nchi jirani. Ibara ya 127 inakataza kutoza mizigo hiyo ushuru wala kodi, isipokuwa malipo ya huduma mahsusi iliyotolewa: kupakua, kuhifadhi, kutumia barabara. Tanzania na Zambia zote zimeridhia mkataba huo. Kwa hiyo kutomtoza Mzambia ushuru wa forodha si hisani ya bandari wala upendeleo kwa mgeni. Bidhaa haitaliwa hapa, na kodi yake italipwa kule itakakotumika.

Katazo hilo lina uzito, na tumewahi kuonja matokeo ya kulikaribia. Mwaka 2016 Tanzania ilianza kutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye huduma zinazoambatana na mizigo ya transiti. Wenye mizigo walilalamika, wengine wakatazama bandari nyingine, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikaondolewa. Hata kabla ya kufika kwenye mabishano ya kisheria, mzigo wa transiti huhama.

Sasa upande wa pili, ambao wenye mizigo huuruka. Ibara hiyohiyo ya 125 inaendelea kusema kwamba masharti ya kupita hupangwa kwa makubaliano kati ya nchi husika, na kwamba nchi inayopitiwa inaweza kuchukua hatua za kulinda maslahi yake halali. Haki ya kupita si haki ya kumiliki kipande cha pwani. Bolivia ililifikisha dai lake dhidi ya Chile mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kuwa Chile haina wajibu wa kisheria wa kujadiliana nayo juu ya kupewa njia yake yenyewe ya kwenda baharini. Wala si kila njia ya usafirishaji inaingia moja kwa moja katika haki hiyo. Mkataba unataja reli, vyombo vya majini na magari, na pale mazingira yanapohitaji, hata wapagazi na wanyama wa mizigo. Bomba la mafuta halimo mpaka nchi zikubaliane. Ndiyo maana bomba la TAZAMA, linalopeleka mafuta Ndola nchini Zambia, linasimama juu ya makubaliano ya serikali mbili.

Tuchukue kontena moja tulifuate. Thamani yake pamoja na bima na nauli hadi Dar es Salaam ni dola 40,000, na bidhaa iko kwenye kundi la ushuru la asilimia 25. Kama ingebaki nchini, ushuru ungekuwa dola 10,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya dola 50,000, nayo ingekuwa dola 9,000. Ukiacha tozo ndogondogo, serikali ingedai dola 19,000. Kontena likitangazwa kuwa la transiti, fedha hizo hazilipwi, lakini hazijafutwa. Zimesimamishwa, na wakala wa forodha anaziwekea dhamana iliyotolewa na benki au kampuni ya bima. Naomba hili lieleweke mara moja: dhamana si kodi. Mzigo ukivuka mpaka na ikathibitishwa umevuka, dhamana inafunguliwa na hakuna senti iliyochukuliwa.

Baada ya tamko la transiti kukubaliwa, kontena linafungwa lakiri ya kielektroniki inayoonyesha lilipo na inayotoa taarifa ikiguswa. Gari lenyewe lazima liwe na leseni ya kubeba mizigo iliyo chini ya forodha, na lifuate njia iliyopangwa. Mzigo unatakiwa kutoka nchini ndani ya siku 30. Tunduma, maofisa wanalinganisha namba ya kontena, namba ya lakiri na nyaraka, kisha wanathibitisha kwenye mfumo wa forodha kwamba mzigo umetoka nchini. Tangu 2019 kituo cha Tunduma na Nakonde ni cha pamoja, hivyo gari linasimama mara moja kwa taratibu za nchi zote mbili.

Hitilafu tunayokutana nayo kuliko zote haihusu wizi. Dereva amevuka, mzigo umeshushwa Lusaka, lakini uthibitisho wa kutoka haukuingizwa kwa sababu namba ya gari kwenye tamko si ya gari lililovuka. Mara nyingi gari la kwanza liliharibika njiani na mzigo ukahamishiwa jingine bila forodha kuarifiwa. Kwenye mfumo, kontena hilo bado liko Tanzania. Wakala mwenye dhamana ya dola 500,000 anaweza kubeba makontena 26 ya aina hii kwa wakati mmoja. Kumi yakibaki bila uthibitisho, anabakiwa na nafasi ya makontena 16 tu, na wateja wake wanaambiwa "bandari imechelewesha". Bandari haikuchelewesha. Wakala aangalie salio la dhamana yake kila baada ya gari kuvuka. Salio lisiporudi, afuatilie siku hiyohiyo akiwa na nakala ya tamko na uthibitisho wa kuingia upande wa Zambia.

Gari likiharibika au likipata ajali, dereva asikate lakiri, hata kama mwenye mzigo anamhimiza kwa simu. Atoe taarifa forodha au kituo cha polisi kilicho karibu, asubiri ofisa, na mzigo uhamishwe mbele yake. Lakiri mpya na gari jipya viandikwe kwenye tamko kabla ya safari kuendelea. Saa chache za kusubiri ni nafuu kuliko kudaiwa dola 19,000.

Mzigo wa transiti ukiuzwa nchini, jambo linabadilika kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inauhesabu kuwa bidhaa isiyolipiwa ushuru. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya kutozea ushuru, au vyote viwili. Kwa kontena letu faini hiyo ni dola 20,000. Mzigo unaweza kutaifishwa, na gari lililoubeba pia. Nyaraka za uongo zina kosa lake: kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000.

Adhabu ya kwanza inamgusa pia mnunuzi aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba bidhaa haikulipiwa. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mbeya anayeuziwa shehena usiku, kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuiagiza, bila tamko la forodha lenye jina la aliyeiingiza kwa matumizi ya ndani, hawezi kusema hakujua. Aombe tamko hilo kabla ya kutoa fedha, na kama muuzaji hana, asinunue.