"Printa nina uhakika nayo, nimeiwekea anwani ya kudumu"

Sentensi hiyo naisikia karibu kila ninapoitwa kwenye mtandao unaokatika bila mpangilio. Kisha nafungua ukurasa wa ruta na kukuta kile nilichokitarajia: anwani hiyo ya IP imo kwenye namba ambazo ruta inawagawia wengine, na vifaa viwili vinagongana.

Dhana: Ukiandika anwani ya kudumu kwenye kifaa, inakuwa mali yake.

Hapana. Umeiambia printa tu, ruta hujaiambia. Tuseme ruta iko `192.168.1.1` na DHCP yake, yaani huduma inayogawia vifaa anwani, inagawa kuanzia `192.168.1.2` hadi `192.168.1.254`, yaani karibu kila namba iliyopo. Wewe ukaenda kwenye printa ukaandika `192.168.1.50`. Kwa ruta, 50 bado ni namba ya kugawa kama nyingine.

Kwa muda hakuna kinachotokea, na ndiyo maana watu hawaamini. Kabla ya kukubali anwani iliyopewa, baadhi ya simu huuliza mtandaoni kama kuna anayeitumia, na baadhi ya ruta nazo huipima kwanza. Printa ikiwa macho itajibu na simu itapewa nyingine. Lakini ikiwa imezimwa usiku, hakuna wa kujibu. Simu inachukua 50 kihalali kabisa, asubuhi printa inawashwa, na sasa wako wawili.

Ruta hukumbuka anwani moja ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, kwa kila anwani ya IP, na kwa kawaida humfuata aliyejitangaza mwisho. Printa ikijitangaza, majibu ya kurasa unazofungua kwenye simu yanapelekwa kwa printa, nayo inayatupa. Waifai inaonekana imejaa, ukurasa haufunguki. Baadaye kidogo simu inajitangaza, mambo yanarudi, na sasa kuchapisha ndiko kunakogoma. Kompyuta huenda ikakuonyesha onyo la mgongano. Simu mara nyingi haisemi hata neno.

Kuthibitisha ni rahisi. Zima printa, kisha kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi:

```
arp -d 192.168.1.50
ping 192.168.1.50
arp -a
```

Amri ya kwanza inafuta kumbukumbu ya zamani ili isikudanganye. Printa imezimwa, kwa hiyo mbele ya 50 hakupaswi kuonekana MAC yoyote. Ikionekana, huyo ndiye mwenzake. Usitegemee jibu la `ping` peke yake, kwa sababu vifaa vingine vimezuiwa kulijibu, lakini MAC yao itajitokeza kwenye orodha.

Tiba ni kupunguza fungu la DHCP. Mimi huliweka kuanzia `192.168.1.100` hadi `192.168.1.199`, na namba zilizo chini ya 100 nawaachia printa, kamera na vingine visivyohama. Hapo 50 ya printa inakuwa salama bila hata kuigusa. Baadaye zima na uwashe waifai kwenye simu, maana iliyokwisha kuazima namba ya zamani inaweza kuing'ang'ania hadi muda wa kuihuisha ufike. Kama ruta yako ina `Address Reservation`, afadhali hiyo: acha printa ipokee anwani yenyewe, uifungie namba kwa MAC yake ndani ya ruta. Kumbukumbu yote inabaki mahali pamoja, na anayekuja baada yako hahangaiki.

Dhana: Zima ruta uiwashe, litaisha.

Litatulia, kisha litarudi. Tena ruta nyingi za nyumbani zikizimwa husahau ni nani walioazima namba gani, na zikiwaka huanza kugawa upya huku vifaa vingine bado vinatumia namba za awali. Unaweza kuwa umeongeza mgongano.

Dhana: Ni kampuni ya intaneti.

Wakikatika wote kwa pamoja, wapigie. Wakiteseka wawili tu huku wengine wanaendelea, tatizo liko ndani.

Dhana: Jirani ana namba kama yangu, ndiye tunayegongana naye.

Mitandao tofauti, kila mmoja na ruta yake. Anwani za `192.168` zinatumika upya kila mahali na hazitoki nje.

Dhana: Ruta ya zamani inaongeza waifai tu.

Ikichomekwa kwenye tundu la LAN huku DHCP yake imewashwa, ni mgawaji wa pili asiyejua wa kwanza anagawa nini, na mara nyingi yenyewe nayo inajiita `192.168.1.1`. Ipe `192.168.1.2`, zima DHCP yake, basi. Ukiichomeka kwa tundu la WAN ni habari nyingine: hapo iachie DHCP, lakini hamishia upande wake wa ndani kwenye `192.168.2.1`, kwa sababu ruta yenye fungu lilelile pande zote mbili haijui pakiti iipeleke upande gani.