Barua ya mshahara kwa ajili ya mkopo: kwa nini sikuandikii 850,000

Ninaandaa mishahara ya kampuni ya utalii hapa Arusha, na maombi ya barua ya mshahara kwa ajili ya mkopo ni kazi yangu ya kila siku. Mengi yanakwama sehemu moja: mfanyakazi anataka barua ionyeshe kipato anachokijua yeye, wakati benki inataka kile kinachoonekana kwenye hati zake za malipo na kwenye akaunti yake.

Chukua dereva mwenye mshahara wa msingi wa 600,000 na posho ya nyumba 100,000. Jumla ni 700,000. NSSF inakata asilimia 10, yaani 70,000. Kwenye 630,000 inayobaki, PAYE ni 42,000. Anabaki na 588,000, na akishakatwa 80,000 za mkopo wa SACCOS, akaunti inaingiziwa 508,000. Tarakimu hizo ndizo ofisa mikopo anazozitafuta, mwezi baada ya mwezi.

Dereva huyo akaniomba niandike 850,000. "Kaka, msimu ukiwa mzuri napata hata zaidi ya hapo." Nilimwamini. Tatizo ni kwamba nyongeza hiyo ni bakshishi, inatoka mkononi mwa mgeni, haijawahi kupita kwenye vitabu vyetu. Nikiithibitisha kama mshahara, nitakuwa nimesaini kwamba kampuni imelipa fedha isiyokatwa PAYE wala NSSF. Na benki ikilinganisha barua na akaunti, ombi linakataliwa, naye anaonekana mdanganyifu kwa kosa la barua yangu.

Nilimshauri awe anaweka bakshishi kwenye akaunti ileile ya mshahara kila akirudi porini. Benki itaziona yenyewe, ikiwemo Aprili na Mei zinapopungua, na itaamua izipe uzito gani.

Alitaka pia niyafiche makato ya SACCOS. Hapo namwonea mtu huruma, lakini hesabu ndiyo inayonizuia. Maofisa mikopo ninaoshughulika nao wanataka mfanyakazi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwake 200,000. Kutoka 508,000, rejesho la mwezi lisizidi 308,000. Ukiifuta SACCOS kwenye karatasi, nafasi inaonekana 388,000, halafu 80,000 zinazokosekana anazitafuta nyumbani kwake.

Hati za malipo si hisani ya mhasibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi ya mshahara na makato. Kama hujawahi kupewa, ziombe kwa maandishi kabla hujaenda benki, ukitaja miezi unayoitaka.

Fomu ya benki yenyewe niletee mapema. Barua naandika siku hiyohiyo. Kinachochelewa ni sehemu ya mwajiri, anapoahidi kupitisha mshahara kwenye akaunti ile na kuijulisha benki ukiacha kazi. Hiyo anaisaini mkurugenzi, naye huuliza kwanza mkataba wako unaisha lini. Ukiisha Desemba na mkopo ni wa miaka mitatu, zungumzia mkataba kwanza.